Baba Aliyekuwa Hai Chuoni

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa ninakoishi siku hizi kuchukua barua ya utambulisho, shughuli ya dakika chache tu. Akafungua kile kibati chenye sponji ya wino wa zambarau, akaubonyeza muhuri, akaugandamiza kwenye karatasi, akanisogezea. Harufu ya wino ule ikanipanda kichwani. Nikatoka nje, nikasimama juani mpaka harufu iliponitoka puani. Mtendaji wa watu hakunikosea kitu. Alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akatuma mtu aniletee maji ya kunywa. Haikuwa kizunguzungu. Ilikuwa hasira, na ni ya zamani sana, ya tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Wenzangu wa rika langu mliokulia visiwani kule Rufiji, sehemu ambazo ofisi ziko ng'ambo ya maji, nadhani mnaijua. Karibu kila nyumba kule ina karatasi iliyowahi kumdhalilisha mama wa nyumba hiyo. Ya kwetu ilikuwa barua, na mama aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Baba alikuwa mnunuzi wa kaa. Nawasema wale kaa wakubwa wa tope, wanaoishi kwenye mashimo chini ya mikoko. Vijana waliwatoa mashimoni kwa ndoano ndefu za chuma, baba akawanunua, akawafunga magando kwa kamba, akawapanga kwenye matenga na kuwafunika kwa magunia mabichi. Boti ya injini iliwapeleka Nyamisati, na kutoka hapo gari likawapeleka mjini. Ilibidi wafike hai, kwa sababu kaa aliyekufa hana mnunuzi. Kwa hiyo nyumba yetu ilinuka tope, na baba alinuka tope hata siku ya Idi akiwa na kanzu iliyopigwa pasi. Mama alimtania kwamba malaika watamtambua kwa pua. Kwa kaa hao alimlipia dada yangu ada ya chuo kikuu, muhula baada ya muhula, na hakuna mtu kijijini kwetu aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kabla yake.

Dada Salma alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu. Lakini njia yake ya kufika huko haikuanzia kijijini kwetu. Shule yetu wakati ule ilikuwa na walimu wawili, na mvua zikizidi mmoja wao hakuonekana mpaka maji yapungue. Basi alipofikia umri wa darasa la kwanza, mama alimpeleka Mahege, bara, kwa kaka yake mkubwa, Mjomba Selemani, mwenye mikorosho. Siku ya kuandikishwa, mwalimu alimuuliza mjomba jina la baba wa mtoto. Mjomba akataja jina lake. Hakudanganya kwa nia mbaya. Kwetu sisi mtoto anayelala kwako na kula kwako ni wako, na kumwambia mwalimu mbele ya mtoto kwamba huyu si wangu kungekuwa ni kumfukuza nyumbani. Watoto wangapi wa kwetu wamesomeshwa namna hiyo? Mimi siwezi kuwahesabu.

Jina likakua pamoja naye. Cheti cha darasa la saba kikasema Salma Selemani, cha kidato cha nne kikafuata, na alipotakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa ili aombe mkopo wa serikali, kilitolewa kwa kufuata vyeti vya shule. Palipoandikwa baba, palisomeka Selemani Mkumba. Palipoandikwa mama, palisomeka jina la mke wa mjomba. Mkopo wenyewe alipata wa chakula na malazi tu, wa ada hakupata. Baba aliposikia hivyo alicheka, akasema basi kaa watamsomesha. Sikumbuki kama kuna mtu yeyote kati yetu aliyeona tatizo. Baba alijua mtoto ni wake, na mjomba alijua, na Mungu alijua, na kwa hesabu zetu hao walitosha.

Baba alifia dagoni. Dago ni kambi ya muda, vibanda vya makuti kwenye mchanga karibu na mdomo wa mto, ambako alikaa na vijana wake wakati kaa wanapopatikana kwa wingi. Alipatwa na homa, wakampakia kwenye boti kumkimbiza zahanati, hawakumfikisha. Alirudishwa nyumbani asubuhi akiwa amefunikwa shuka, wanaume wakamwosha nyuma ya pazia, wakamsalia, wakaondoka naye. Wanawake kwetu hawaendi makaburini, na watoto wa kike ndiyo kabisa. Mimi nilichoona ni shuka, pazia, na migongo ya wanaume. Watu wazima waliniambia baba hatunaye tena, lakini baba alikuwa mtu wa kuondoka na kurudi. Sikuona kitu chochote ambacho kilitofautiana sana na safari zake nyingine, isipokuwa wingi wa watu.

Dada Salma alikuja kwenye msiba, na kabla ya kurudi chuoni alichukua kibali cha mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji, akapita Kibiti kwenye ofisi ya wilaya, akafuatilia cheti cha kifo. Mama naye akakaa eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, hatoki ila kwa dharura. Kwetu msimamizi wa eda ile alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada wa baba, mwanamke ambaye hata kuku walimwogopa. Alihamia kwetu na mkeka wake, akaulaza karibu na mlango, na kila mgeni akapita kwake kwanza.

Ndani ya eda hiyo ndipo barua ilipoandikwa. Salma alipiga simu akasema ada ya muhula haijalipwa, na asiyelipa hapewi kitambulisho cha mtihani, na asiye na kitambulisho haingii kwenye chumba cha mtihani. Atalazimika kuahirisha mwaka mzima, na sote tulijua msichana akirudi nyumbani kwa mwaka mzima nini hufuata. Alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi kuuliza. Akaambiwa chuo hakina desturi ya kumsamehe mtu ada, lakini kuna mfuko mdogo kwa ajili ya wanafunzi waliofiwa na anayewalipia, na ipo kamati inayokaa mara moja kwa muhula kupitia maombi. Mzazi aliyebaki aandike barua kwa mkuu wa chuo, ipite kwa mshauri wa wanafunzi, ipigwe muhuri wa serikali ya kijiji, iambatane na cheti cha kifo na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi.

Mama alikuwa na mwandiko mzuri. Alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza na hakuna aliyempeleka mbele. Alikaa sakafuni, ubao wa kukatia samaki magotini, karatasi juu yake, akaandika rasimu kwanza kwenye daftari langu la hisabati. Nilikaa naye nikimkabidhi kifutio. Anuani yake juu kulia, anuani ya chuo chini kushoto, kisha "Kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji", kisha "Kupitia kwa Mshauri wa Wanafunzi", kisha neno YAH na mstari wa chini aliouchora kwa rula yangu. Shangazi Mwanaidi alimshauri aandike kwamba tunakufa njaa. Mama akakataa.

"Hatufi njaa, wifi. Mpunga upo."

"Hao watu wa ofisini hawatoi kitu kwa mtu aliyeshiba."

"Siombi chakula. Naomba mtoto afanye mtihani."

Akaandika kwamba yeye ni mjane wa Shamte Omari, mnunuzi wa kaa, aliyemlipia binti yake ada bila kuchelewa tangu alipoingia chuoni. Akaandika kwamba boti ilikuwa ya kukodi, na mume alipofariki mwenye boti aliichukua, kwa hiyo shughuli imesimama. Akaandika kwamba yeye analima mpunga wa kula na kuuza kidogo, na kwamba mavuno yakiingia ataweza kulipa sehemu, lakini mtihani utakuwa umeshapita. Akaomba binti yake asamehewe ada ya muhula huo na ule utakaofuata, basi. Haikuwa na neno hata moja la kujidhalilisha. Nimeisoma tena nikiwa mtu mzima, kwa kuwa nakala ipo kwenye lile daftari langu, na mpaka leo sijaona barua ya ofisini iliyoandikwa kwa adabu kama ile.

Kwa kuwa mama hatoki, mtendaji alikuja barazani kwetu na mkoba wake. Aliisoma, akasifu mwandiko, akafungua kile kibati cha wino, akagonga muhuri. Harufu ikajaa baraza. Akasema pana kitu kidogo cha wino, ndivyo utaratibu ulivyo. Shangazi Mwanaidi akamuuliza wino huo unanunuliwa duka gani, aende akamnunulie chupa nzima. Mtendaji akafunga mkoba akaaga.

Barua ikaondoka na boti, ikamfikia Salma, akaipeleka. Tukangoja. Kisha jioni moja simu ikalia, mama akaiweka sauti ya juu kama kawaida yake ili asikie vizuri, na sote mle ndani tukamsikia dada.

"Mama, barua wameirudisha."

"Ina kosa gani?"

"Wanasema haihusiani na mimi. Faili langu linasema baba yangu ni Selemani Mkumba. Wananiambia, baba yako yuko hai, yuko Mahege, hapa kuna namba yake ya simu. Halafu wanauliza huyu mama aliyeandika ni nani."

 Nilimwona mama akiutazama mkono wake wa kulia, ule wa kuandikia. Mwanamke aliyembeba mtoto yule tumboni na akajifungua kwa siku mbili za uchungu, anaulizwa yeye ni nani na mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Na hata sasa ninapoandika sitaki kumwonea yule mtu. Alisoma kilichoandikwa mbele yake, na kilichoandikwa kilisema mama yangu ni mtu baki. Lakini angalau angeuliza kwa namna nyingine. Angeweza kuuliza kwanza, kabla ya kuweka alama ya mkasi juu ya barua ya mjane na kuandika pembeni "taarifa za uongo". Hivyo ndivyo ilivyorudi. Salma alitusomea.

Mimi, hata hivyo, nilikuwa nimesikia jambo jingine. Nilisikia baba yuko hai, yuko Mahege. Neno hilo lilitoka chuo kikuu. Nyumbani kwetu chuo kikuu kilitajwa kwa heshima iliyokaribia ile ya Maka, baba mwenyewe alisema huko kuna watu wanaojua mpaka nyota ngapi zipo. Watu hao wakisema baba yuko Mahege, mimi ni nani nibishe? Na kila kitu kikapata maelezo. Aliumwa, akapelekwa bara kwa mjomba akapumzike. Mama alipoanza kulia kwa hasira usiku ule nikadhani amekasirika na baba kwa kutuficha. Nikaona nikae kimya, jambo hili ni la watu wazima, watalimaliza wao. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kilichotakiwa sasa kilikuwa hati ya kiapo. Mshauri wa wanafunzi alimweleza Salma: huyo Selemani aende mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, aape kwamba yeye si baba mzazi wa mwanafunzi bali mjomba aliyemlea, na aeleze jina lake liliingiaje. Mama naye aape kwamba ndiye mzazi. Hati zote mbili ziwe na picha ndogo na sahihi na muhuri, zipelekwe kabla ya kamati kukaa. Hapo ndipo barua ingepokelewa.

Mama alimpigia mjomba. Mjomba akakataa.

"Zainabu, unajua unachoniomba? Nisimame mbele ya hakimu niseme nilidanganya serikali? Watanifunga mimi."

"Hawakufungi, kaka. Watu wanaapa kila siku kwa mambo ya majina."

"Na Salma je? Nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Leo nimkane kwa hati yenye picha yangu?"

"Hukatai kumpenda. Unasema ukweli tu."

"Basi tafuta ukweli mwingine."

Akakata simu. Mama akampigia tena, haikupokelewa. Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo, inaita mpaka inakatika. Mjomba alikuwa mtu mwema na namsema kwa heshima, lakini nilipokuja kuelewa nilimkasirikia muda mrefu. Sebuleni kwake alitundika picha ya Salma akiwa na sare za kidato cha sita, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa huyu ni binti yangu, yuko chuo kikuu. Baba aliyajua hayo na hakuyaingilia. Kaa walilipa ada, na sifa zilikaa Mahege, na baba aliona ni sawa, maana ndugu hawagawani sifa kwa mizani. Sasa baba yuko kaburini na mwenye sifa hataki kusema neno moja.

Mama akasema atakwenda mwenyewe.

"Kwenda wapi?" Shangazi Mwanaidi akauliza. "Eda hujaimaliza hata nusu."

"Mahege. Kisha Kibiti mahakamani."

"Mume wako hajapoa, wewe unapanda boti. Watu watasema nini?"

"Wifi, watu hawana mtihani."

Shangazi akamwita mwalimu wa madrasa, akijua atamkatalia. Mwalimu akakaa barazani akasikiliza, akasema mjane kutoka mchana kwa haja ambayo hakuna wa kumfanyia ni ruhusa, ila alale nyumbani kwake. Shangazi akashukuru kwa furaha, kwa kuwa kila mtu alijua hakuna boti inayokwenda Nyamisati na kurudi siku moja, inangoja maji yajae. Mama akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akamshukuru pia. Asubuhi akajifunga shuka lake jeupe, akanishika mkono, tukatoka. Shangazi alikaa mkekani akitazama pembeni. Hakumzuia. Baadaye niligundua ametuwekea mihogo ya kuchemsha kwenye kapu.

Mimi nilikuwa nimevaa gauni la Idi. Nilijua tunakwenda kumchukua baba.

Tulifika Mahege jua limeshaanza kupungua makali. Mjomba alikuwa uwanjani akianika korosho. Alipomwona dada yake na shuka la eda alidondosha reki. Hawakusalimiana vizuri. Waliingia ndani wakaanza, sauti chini kwanza, kisha juu, na mke wa mjomba akipita kati yao na maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Niliangalia chumba cha wageni. Niliangalia cha watoto, cha mjomba mwenyewe, ghala la korosho, jikoni nyuma, hata chooni. Nikazunguka mikorosho yote iliyo karibu. Nikarudi nikawakuta wote wawili wamesimama, mjomba akisema hata wakimletea askari haapi.

"Mjomba," nikamwambia, "baba mmemlaza chumba gani?"

Akanitazama. "Baba yupi, mwanangu?"

"Baba yangu. Chuo wamesema yuko hai, yuko hapa kwako. Nimemtafuta vyumba vyote."

 Mjomba akakaa kwenye mkono wa kiti, siyo kwenye kiti. Akamgeukia mama.

"Zainabu, umemwambia nini huyu mtoto?"

"Sijamwambia kitu," mama akasema. "Wewe ndiye uliyeandikisha."

Mjomba akaniita, akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa. Nilisubiri anijibu. Alichosema ni kwamba kesho atakwenda Kibiti kuwaeleza ukweli wote. Nikaridhika. Nikaelewa kwamba baba yuko Kibiti.

Mahakamani Kibiti niliachwa nje kwenye benchi na kapu la mihogo. Niliwaona kupitia dirishani, mjomba akiwa ameshika msahafu, mdomo wake ukienda polepole. Nimeisoma hati yake baadaye. Mimi, Selemani Mkumba, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Mahege, naapa na kuthibitisha kwamba Salma si mtoto wangu wa kumzaa. Kwamba nilimlea na kumsomesha tangu darasa la kwanza. Kwamba baba yake mzazi ni Shamte Omari. Kwamba niliyoyasema ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu. Mama naye akaapa yake. Walipotoka mjomba alikuwa amefuta macho kwa kofia yake. Nikatazama nyuma yao kama kuna mwingine anayetoka. Hakuna. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba mambo ya ofisini yana hatua, na baba atatoka zikikamilika.

Tukarudi kisiwani, na hati zikatumwa pamoja na barua ileile, ambayo mama aliinakili upya kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imechafuliwa kwa wino mwekundu, na mtendaji akaigonga muhuri tena.  Mama akaendelea na eda yake, na walioona ameivunja wakasema waliyosema.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja mapema. Walimwogesha mama, wakamvalisha kanga mpya, wakapika wali na samaki wa nazi, na Mjomba Selemani akaja kutoka Mahege na mfuko wa korosho zilizokaangwa. Hata Shangazi Mwanaidi alicheka mara moja. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya kula pale simu ilipolia. Mama akaiweka sauti ya juu. Dada alisema jibu la kamati limetoka, ataisoma barua kama ilivyo. 

Alisoma kwamba kamati inampa pole kwa kifo cha baba yake mzazi, marehemu Shamte Omari, ambacho imekithibitisha kwa cheti na hati za kiapo zilizowasilishwa. Hata hivyo, kwa kuwa hati hizo zinaonyesha kwamba mlezi aliyemsomesha tangu darasa la kwanza, Ndugu Selemani Mkumba, yu hai na ana mashamba, kamati haikuona sababu ya kumsamehe ada. Anaruhusiwa kulipa kwa awamu. Akilipa ya kwanza kwa namba ya malipo atakayopewa, atapata kitambulisho cha mtihani.

Naomba msomaji aisome tena aya hiyo iliyopita, kwa sababu mimi nimeisoma mara nyingi na bado naishiwa maneno. Walituambia ukweli ndio utakaofungua mlango. Tukawapelekea ukweli kwa boti, mjane akavunja eda yake mbele ya kijiji kizima, mzee akamkana mtoto kwa msahafu, na ukweli huo huo wakautumia kufungia mlango. Kwa uongo mjomba alikuwa baba anayetakiwa kulipa, na kwa ukweli akawa mlezi anayetakiwa kulipa. Aliyelipa miaka yote, aliyenuka tope mpaka siku ya Idi, alipewa pole ya mstari mmoja.

Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. "Salma, niletee hiyo namba. Korosho zimeshauzwa, nitalipa kesho."

"Mimi sikukuomba wewe, kaka," mama akasema.  "Niliwaomba wao. Niliandika nikawaeleza."

"Najua."

"Umeapa kwamba si mwanao."

"Niliapa kwamba sikumzaa," mjomba akasema. "Sikuapa zaidi ya hapo."

Hayo yote nimeyakumbuka baadaye. Wakati ule nilikuwa nimebaki nyuma, kwenye mstari wa kwanza wa barua, kwenye neno marehemu. Chuo kikuu kilikuwa kimesema. Wale wanaojua nyota ngapi zipo walikuwa wamekaa kamati, wakapeleleza, wakathibitisha kwa vyeti, na sasa hapakuwa na chumba kingine cha kwenda kumtafuta baba. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti mpaka wanawake waliokuwa wakiosha vyombo nyuma wakaja kuangalia. Wao wote walikuwa wameshamlia baba miezi minne iliyopita, na hakuna aliyejua kwamba mimi ndiyo kwanza naanza. Shangazi Mwanaidi akanivuta kwake, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Usilie hivyo. Umemsikia mjomba wako, ada italipwa."